Matufe matatu ya mchemraba: kwa nini duara lilipita kwenye pembe na jibu bado likakosewa

*"Mwalimu, shikamoo. Tulipewa mchemraba wenye ukingo wa sm 12, tukaambiwa tutafute nusu kipenyo cha tufe linalopita kwenye pembe zake zote. Nilichora mraba wa sm 12, nikazungushia duara linalopita kwenye pembe zote nne, nikapata sm 8.49. Nikaambiwa jibu ni 10.39, na kwamba 8.49 ni ya tufe jingine kabisa, lile la katikati ya kingo. Mimi bado naona duara langu limepita kwenye pembe. Kosa liko wapi, na haya matufe nitayatofautishaje?"*

Marahaba. Hesabu yako haina kosa. Nusu ya ulalo wa mraba wa sm 12 ni 6√2, yaani 8.485, na ukikadiria unapata 8.49 kama ulivyoandika. Kilichokuponza ni mchoro, na sikulaumu hata kidogo, kwa sababu mchoro huo unadanganya kwa namna mbili, na kwa bahati mbaya njia zote mbili zinafika kwenye namba ileile.

Kila unapochora mraba na kuuita mchemraba, jiulize kwanza: mraba huu nimeutoa sehemu gani ya mchemraba? Kuna majibu mawili.

Jibu la kwanza ni kwamba mraba huo ni uso wa mchemraba, tuseme uso wa juu. Hapo pembe zake nne ni pembe halisi za mchemraba, na duara lako kweli limelala juu ya tufe uliloombwa. Lakini kitovu cha duara hilo kipo juu, katikati ya uso, ilhali kitovu cha tufe kipo ndani ya mchemraba, sm 6 chini yake. Ukilikata tufe mahali pasipopita kwenye kitovu chake, unapata duara dogo kuliko tufe lenyewe. Kwa hiyo 8.49 ni nusu kipenyo cha duara sahihi, ila duara hilo si duara kuu la tufe lako.

Jibu la pili ni kwamba umeukata mchemraba katikati, sambamba na uso wa juu, kama mtu anayetenganisha nusu ya juu na nusu ya chini. Hapa pia unapata mraba wa sm 12 kwa 12, na safari hii kitovu cha mraba ndicho kitovu cha mchemraba. Tatizo ni pembe zake. Kisu kimepita katikati ya kingo nne zilizosimama, kwa hiyo kila pembe ya mraba huu ni nukta iliyo katikati ya ukingo. Haina uhusiano na pembe ya mchemraba, ambayo iko sm 6 juu yake au sm 6 chini yake. Duara uliloliona likipita kwenye "pembe" ni duara kuu la tufe linalogusa kingo katikati. Ndiyo maana uliambiwa umepata tufe jingine.

Sasa twende kwenye nusu vipenyo vyenyewe. Mimi siwafundishi wanafunzi wangu kanuni tatu za kukariri, kwa sababu zikikaririwa tatu kwa pamoja huchanganyika ndani ya wiki moja. Nawafundisha safari moja yenye vituo vitatu. Simama kwenye kitovu cha mchemraba. Nenda moja kwa moja kuelekea uso wa mbele mpaka uuguse. Umetembea nusu ya ukingo, yaani sm 6, na umefika katikati ya uso. Hicho ndicho kituo cha kwanza, na umbali huo ndio nusu kipenyo cha tufe la ndani, lile linalogusa nyuso zote sita.

Kutoka hapo geuka kulia, ukitambaa juu ya uso huohuo, uende sm 6 nyingine mpaka ukingoni. Umefika katikati ya ukingo. Hatua ya pili ilifanya pembe mraba na hatua ya kwanza, kwa hiyo Kanuni ya Pithagoras inafanya kazi bila kikwazo: umbali kutoka kitovuni ni √(36 + 36) = √72 = 6√2, yaani 8.485. Hiki ni kituo cha pili, na umbali huo ni nusu kipenyo cha tufe la kingo.

Mwishowe panda juu kwa kufuata ukingo, sm 6 tena. Umefika kwenye pembe. Hatua hii ya tatu inafanya pembe mraba na zile mbili za mwanzo, kwa hiyo inafanya pembe mraba pia na mstari unaotoka kitovuni hadi katikati ya ukingo. Unatumia Pithagoras kwa mara ya pili, na unajumlisha 36 nyingine juu ya 72 uliyokuwa nayo: √108 = 6√3, yaani 10.392. Hilo ndilo tufe la nje ulilokuwa unaulizwa.

Tazama wewe ulisimama wapi. Ulifika kituo cha pili ukadhani safari imekwisha. Hatua moja ya sm 6, ile ya kupanda, ndiyo iliyokosekana, na mchoro wa bapa haukuwa na pa kuionyesha.

Kwa ukingo wowote, tuuite a, safari ni ileile na hatua zote tatu ni a/2:

```
tufe la ndani:   r = a/2          (0.500 a)
tufe la kingo:   m = a√2/2        (0.707 a)
tufe la nje:     R = a√3/2        (0.866 a)
```

Chini ya alama ya kipeuo kuna 1, ambayo haikuandikwa kwa kuwa √1 ni 1 tu, kisha 2, kisha 3. Namba hiyo si ya kubahatisha: ni idadi ya hatua ulizotembea. Na kwa kuwa kila hatua inaongeza kipande kilekile, kuna ukaguzi mzuri wa bure: r² + m² = R². Kwa mchemraba wako 36 + 72 = 108. Kama namba zako tatu hazitii usawa huo, mojawapo imekosewa.

Bado hujapata mchoro wa kuaminika, na mimi naona hilo ndilo la maana zaidi kwako, kwa sababu mtihanini mkono utachora kabla kichwa hakijafikiri. Usikate mchemraba sambamba na uso. Ukate kiulalo: chagua ukingo mmoja uliosimama, kisha ule wa upande wa pili kabisa ulio mkabala nao, upitishe kisu kwenye kingo zote mbili. Umbo linalotokea ni mstatili. Pande zake fupi ni kingo mbili zenyewe, sm 12 kila moja. Pande zake ndefu ni ulalo wa uso wa juu na ulalo wa uso wa chini, 12√2 kila mmoja, kama sm 16.97. Na pembe zake nne ni pembe halisi za mchemraba.

Chora mstatili huo kwenye karatasi, weka bikari katikati yake, kisha chora maduara matatu. Fungua bikari sm 6: duara linagusa pande mbili ndefu katikati na halifiki kwenye pande fupi. Hilo ni tufe la ndani, likigusa uso wa juu na uso wa chini. Ifungue mpaka 8.49: duara linagusa pande mbili fupi katikati, na kwenye pande ndefu linavuka na kutokeza nje. Hilo ni tufe la kingo. Ifungue mpaka 10.39: duara linapita kwenye pembe nne za mstatili, kwani nusu ya ulalo wake ni √(36 + 72). Hilo ni tufe la nje. Katika mchoro huu mmoja kila duara linagusa kitu kinachostahili kuguswa, na hakuna pembe ya bandia. Kama karatasi yako ni ndogo, tumia mstatili wa sm 6 kwa 8.5, na bikari ifunguke 3, kisha 4.24, kisha 5.2.

Tufe la kingo ndilo linalowasumbua watu wengi, kwa sababu haliko ndani na haliko nje. Hebu tulitazame kwa karibu. Chukulia mchemraba wa waya, wenye kingo 12 tu, bila nyuso. Ndani yake weka puto dogo kabisa katikati, uanze kulipuliza likiwa linabaki duara kamili. Likifika nusu kipenyo cha sm 6 linafika pale ambapo nyuso zingekuwepo, lakini hakuna nyuso, kwa hiyo halijagusa chochote. Linaendelea kukua na kutokeza kwenye madirisha yote sita. Likifika 8.485 linagusa waya zote 12 kwa wakati mmoja, kila waya katikati yake, na hapo ndipo mwisho wa kukua kwake. Tufe kubwa kuliko hilo haliwezi kukaa ndani ya kiunzi hicho. Pembe za kiunzi bado ziko mbali nalo: kila pembe iko 10.392 − 8.485, yaani karibu sm 1.91 kutoka kwenye ngozi ya puto.

Sasa rudisha nyuso mahali pake. Kila uso unalikata tufe hili kwenye duara. Nusu kipenyo cha duara hilo kinapatikana kwa Pithagoras ileile: √(72 − 36) = 6. Ni duara lililochorwa ndani ya mraba wa uso likigusa pande zake nne katikati. Maduara ya nyuso mbili jirani yanakutana kwenye nukta moja tu, katikati ya ukingo wanaoshirikiana. Nje ya kila uso kunabaki kuba yenye kimo cha 8.485 − 6 = sm 2.485, na kuba hizo sita hazipandiani hata kidogo, zinagusana tu kwenye zile nukta 12. Unaweza kulithibitisha hilo kwa haraka: nukta iliyo nje ya nyuso mbili kwa pamoja imetoka zaidi ya sm 6 kuelekea upande mmoja na zaidi ya sm 6 kuelekea upande wa pili, hivyo umbali wake kutoka kitovuni unazidi √72. Basi haimo ndani ya tufe.

Hilo linatupa ruhusa ya kufanya hesabu ambayo mimi binafsi naipenda. Ujazo wa kuba yenye kimo h kwenye tufe lenye nusu kipenyo m ni πh²(3m − h)/3. Kwa kimo cha 2.485 unapata sm za ujazo 148.6 hivi, na kuba sita ni 891.5. Tufe zima ni (4/3)π × 8.485³, karibu 2559.1. Ukitoa kuba, kinachobaki ndani ya mchemraba ni 1667.6. Mchemraba wenyewe ni 1728. Kwa hiyo tufe la kingo limejaza asilimia 96.5 ya mchemraba, na pembe zote nane zinazobaki wazi, ukizikusanya pamoja, ni sm za ujazo 60.4 tu, kama 7.5 kwa kila pembe. Linganisha na tufe la ndani, ambalo lina ujazo wa 288π, yaani 904.8, na linaacha karibu asilimia 48 ya mchemraba tupu. Kuongeza nusu kipenyo kwa chini ya sm 2.5 kumeziba karibu nafasi yote. Mtu anayedhani tufe la kingo ni "karibu sawa na la ndani" hajawahi kufanya hesabu hii.

Hapohapo kuna mtego wa maneno. Swali likisema "tufe la nje ni kubwa mara ngapi kuliko la ndani", uliza kikubwa ni kipi. Nusu kipenyo kimeongezeka mara √3, kama 1.73. Eneo la uso wa tufe hutegemea mraba wa nusu kipenyo, kwa hiyo limeongezeka mara 3 kamili, na maeneo ya matufe yote matatu yanafuatana kwa uwiano wa 1 : 2 : 3, yaani πa², 2πa² na 3πa². Ujazo hutegemea nusu kipenyo kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo umeongezeka mara 3√3, karibu 5.2: kutoka 904.8 hadi 4701.4. Majibu matatu tofauti, yote sahihi, kila moja kwa swali lake.

Uwiano wa namba nzima umejulikana zamani sana. Euklidi, aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha katika kitabu cha 13 cha Elementi kwamba mraba juu ya kipenyo cha tufe linaloufunga mchemraba ni mara tatu ya mraba juu ya ukingo wake. Hakuhitaji kipeuo wala desimali. Kwako: kipenyo ni 12√3, mraba wake ni 432, na mara tatu ya 144 ni 432. Huo ni ukaguzi mwingine unaofanyika kichwani.

Kuhusu makosa ya mkononi, mawili nayaona mara kwa mara. La kwanza ni kukadiria mapema. Mwanafunzi anatafuta ulalo wa uso, anapata 16.97, anaandika 17, kisha anaendelea: √(17² + 12²) = √433 = 20.81, nusu yake 10.40. Jibu sahihi kwa desimali mbili ni 10.39. Tofauti ni ndogo lakini alama imekwenda. Acha √2 na √3 kama zilivyo mpaka mstari wa mwisho, ndipo uguse kikokotoo. La pili ni mabano kwenye kikokotoo. Ukiandika √(3 × 12 ÷ 2) badala ya √3 × 12 ÷ 2, unapata √18, yaani 4.24. Namba hiyo inajisema yenyewe kuwa imekosea, kwani tufe la nje haliwezi kuwa dogo kuliko la ndani, ambalo ni nusu ya ukingo na linajulikana kwa kutazama tu. Kabla ya kuandika jibu, pima: la ndani ni nusu ya ukingo, la kingo ni kama saba ya kumi, na la nje linakaribia tisa ya kumi ila halifiki.

Swali likigeuzwa, uhusiano ni uleule ukisomwa kinyume. Mathalani ukiulizwa mchemraba mkubwa kabisa unaoweza kuchongwa kutoka kwenye tufe lenye kipenyo cha sm 30, tufe hilo ni la nje, kipenyo chake ni ulalo wa mchemraba, basi ukingo ni 30/√3, karibu sm 17.32. Aliyekosea njia kama wewe angegawanya kwa √2, akapata 21.21, na mchemraba wa ukingo huo una ulalo wa karibu sm 36.7. Hauwezi kukaa ndani ya tufe la sm 30.

Nimalizie na mpaka wa haya yote, maana watungaji wa mitihani hupenda kubadilisha mchemraba kuwa sanduku lenye pande zisizolingana. Chukua sanduku la sm 3 kwa 4 kwa 12. Safari ya vituo vitatu bado inafanya kazi, ila hatua sasa ni 1.5, 2 na 6. Kituo cha mwisho, pembe, kiko √(2.25 + 4 + 36) = √42.25 = 6.5, na pembe zote nane ziko umbali huohuo. Kwa hiyo tufe la nje lipo, na kipenyo chake ni ulalo wa sanduku, sm 13. Lakini nyuso ziko kwenye umbali wa 1.5, 2 na 6, na katikati za kingo ziko kwenye umbali wa 2.5, 6.18 na 6.32. Hakuna tufe moja linaloweza kugusa nyuso zote sita, wala moja linaloweza kugusa kingo zote 12. Ukiulizwa matufe hayo mawili kwa sanduku la namna hiyo, jibu sahihi ni kwamba hayapo, na uandike umbali huo kama uthibitisho.